Kina, usawa au kiwango? Njia tatu za kusafisha ripoti ya kisima

Tuchukue ripoti ya kisima kirefu, kurasa 38, iliyopita mikononi mwa watu watatu. Fundi wa uwandani aliandika jaribio la pampu, mhandisi akaandika matokeo, na ofisa mradi akanakili utangulizi na mbinu kutoka kwenye andiko la kuombea fedha. Kitu kimoja, yaani umbali kutoka mdomo wa bomba la kisima hadi kwenye uso wa maji, kimepata majina matatu. Fundi anakiita kina cha maji, mhandisi usawa wa maji, ofisa kiwango cha maji. Nyakati nazo zinayumba: ukurasa wa 6 pampu "itafungwa", ukurasa wa 11 "ilifungwa", ukurasa wa 17 "imefungwa". Takwimu zote hapa ni za mfano, lakini vurugu ya aina hii anaijua yeyote aliyewahi kupewa ripoti ya watu wengi aiunganishe.

Kuna njia tatu za kuitengeneza, na tofauti zake kubwa ziko kwenye makosa ambayo kila njia inakuachia.

| | Kubadilisha yote kwa mpigo | Kupitia neno moja moja | Kuandika sehemu upya |
|---|---|---|---|
| Muda kwa ripoti hii | Dakika 10 | Saa 2 hadi 3 kwa majina, nusu siku kwa nyakati | Karibu saa 1 kwa ukurasa |
| Kinachoharibika | Maana, mara nyingi bila dalili | Sentensi zisizotaja jina lenyewe | Tarakimu, wakati wa kunakili |
| Inapofaa | Tahajia na vifupisho vya vipimo | Majina, na nyakati za sehemu kubwa ya ripoti | Kurasa ambazo karibu kila sentensi ina kasoro zote mbili |

Jina lipi libaki

Kabla ya kuchagua njia, chagua jina. Hesabu kwanza kwa kutafuta: katika ripoti yetu "usawa wa maji" limetokea mara 41, "kina cha maji" mara 33, "kiwango cha maji" mara 27. Ukienda kwa wingi wa kura, usawa unashinda. Wingi wa kura hausaidii hapa. Kinachoamua ni namna kipimo kilivyochukuliwa.

Fundi alishusha utepe unaolia ukigusa maji, akasoma mita kuanzia mdomo wa bomba kwenda chini. Fomu zake zote zina tarakimu za namna hiyo: 18.4 kabla ya pampu kuwashwa, 31.7 baada ya saa 24. Tarakimu inayokua kadiri maji yanavyokwenda chini ni kina. Usawa ni kipimo cha kwenda juu kutoka mahali fulani pa kudumu. Ndiyo maana tunasema mita kadhaa juu ya usawa wa bahari, na ndiyo maana usawa wa Ziwa Victoria hutajwa kwa mita zaidi kidogo ya 1,130. Kama ripoti yako ni ya ziwa au bwawa na vipimo vyake ni vya namna hiyo, shika usawa na uachane na kina. Kwa kisima chetu, kinabaki kina cha maji.

Kiwango hakifai kwa lolote kati ya hayo mawili. Kinabeba maana nyingi mno: kiwango cha maji yanayotoka, kiwango cha chumvi, kiwango cha huduma. Neno ambalo msomaji lazima ampigie simu mwandishi kuuliza lilimaanisha nini si istilahi.

Jina likishachaguliwa, liwekee mipaka. "Kina" peke yake lisiandikwe popote, kwa sababu ripoti hiyohiyo inataja kina cha kisima (mita 92) na mahali pampu ilipokaa (mita 60). Andika kina cha maji, kila mara, hata kama sentensi inaonekana kujirudia. Walimu wetu wa insha walitufundisha kutorudia neno, na hapo ndipo nusu ya majina haya ya ziada yanapozaliwa. Kisha weka matawi mawili: kina cha maji tuli, kabla pampu haijawashwa, na kina cha maji wakati wa kusukuma. Tofauti kati yake ni mshuko wa maji. Hapa 31.7 kutoa 18.4 ni mita 13.3. Hilo ni jambo jingine, lina jina lake, na lisiunganishwe na hayo mengine kwa kisingizio cha kurahisisha.

Kwa mpigo: kosa linaloonekana na lisiloonekana

Ctrl+H, andika "usawa", andika "kina", bonyeza `Replace All`. Ukurasa wa 3 sasa unasema kijiji kiko mita 1,240 juu ya kina wa bahari, na sehemu ya jamii inazungumzia kina wa kijinsia. Hilo ni la kuchekesha, na kwa sababu linachekesha litaonekana. Ukitafuta "usawa wa maji" nzima badala ya neno moja unaliepuka.

Linalofuata ni upatanisho. "Usawa wa maji ulipimwa kila baada ya dakika 5" inageuka "kina cha maji ulipimwa". Jina limehama kutoka ngeli moja kwenda nyingine na kitenzi kimebaki kule kilikokuwa. Hili nalo linaonekana, angalau pale ambapo jina na kitenzi vinakaa pamoja. Linakuwa gumu katika sentensi ya pili: "Uliposhuka chini ya mita 30, vipimo vilichukuliwa kila baada ya nusu saa." Hapa hakuna neno usawa la kutafuta. U- ya mwanzo inabaki ikielekeza kwa jina lisilokuwepo tena. Vivyo hivyo "huo", "wake", "ambao" na "uliotajwa" zilizosambaa mistari miwili mitatu mbele.

Kisha kuna mwelekeo. Pampu ikivuta maji, usawa unashuka lakini kina kinaongezeka. Ukibadilisha jina bila kugeuza kitenzi unapata "kina cha maji kilishuka kwa mita 13.3", na msomaji makini anaweza kuelewa kwamba maji yalipanda kuelekea mdomo wa kisima. Sarufi iko sawa, kikagua tahajia kimenyamaza, na taarifa imepinduka. Vitenzi vya kuangalia ni vichache: kushuka, kupanda, kupungua, kuongezeka, kurudi. Mojawapo kikikaa karibu na jina ulilobadilisha, soma sentensi nzima kwa sauti ukiwa na picha ya kisima kichwani.

Kwa "kiwango cha maji" mambo ni kinyume. Kiwango na kina viko katika ngeli moja, kwa hiyo kubadilisha kwa mpigo kunatoa sentensi safi kabisa: cha inabaki cha, kilipimwa inabaki kilipimwa. Hapo ndipo hatari ilipo. Kati ya mara 27, 16 zinamaanisha umbali hadi kwenye maji na 11 zinamaanisha lita zinazotoka kwa saa. Baada ya kubonyeza kitufe, ukurasa wa 19 unasema "kina cha maji ni lita 5,200 kwa saa". Hiyo bado unaweza kuikamata kwa sababu ya kipimo. Lakini ukurasa wa 24 unasema tu kwamba "kiwango cha maji kinatosha kwa mahitaji ya kijiji", na baada ya mpigo kinachotosha ni kina. Hakuna tarakimu ya kukushtua.

Kwa hiyo kubadilisha kwa mpigo kunafaa pale ambapo neno lina umbo moja na maana moja: "m3" kuwa mita za ujazo, "maabala" kuwa maabara. Kwa majina ya dhana, ogopa zaidi mbadala unaoacha sarufi ikiwa nzuri.

Neno moja moja

Njia hii inatumia dirisha lilelile, ila unabonyeza `Find Next` na kuamua kila mahali. Washa kwanza kumbukumbu ya mabadiliko (Ctrl+Shift+E kwenye Word, Ctrl+Shift+C kwenye LibreOffice) ili mhandisi aone ulichogusa. Mahali pa kuamulia ni 68: usawa 41 na kiwango 27. Ukitumia dakika mbili kwa kila mahali, ni zaidi kidogo ya saa mbili.

Kwa usawa, baada ya kubadilisha jina endelea kusoma hadi mwisho wa aya, ukirekebisha kila u- na wa inayolirejelea. Usiruke kwenda tokeo linalofuata mpaka aya imeisha.

Kwa kiwango, angalia kipimo kilicho karibu. Kikiwa mita, ni kina cha maji. Kikiwa lita kwa saa, ni wingi wa maji yanayotoka, na uandike hivyo kwa urefu wake. Kusipokuwa na kipimo, fungua fomu ya uwandani ya tarehe hiyo utafute tarakimu. Ukikosa tarakimu, muulize aliyeandika, na hadi ajibu sentensi iachiwe alama ya njano. Kukisia hapa kuna gharama. Anayenunua pampu anachagua nguvu yake kwa kuangalia kina cha maji wakati wa kusukuma. Akisoma 18.4 mahali pa 31.7, atanunua pampu iliyopungukiwa mita 13.3 za kuinua maji, na tangi litajaa kwa kusuasua au lisijae.

Mahali pawili utafutaji haufiki: maandishi yaliyo ndani ya picha za grafu, na fomu zilizoskaniwa. Grafu zichorwe upya kutoka faili la awali, mhimili wake ukiandikwa "Kina cha maji (mita)". Fomu zilizosainiwa haziguswi, hata zikiwa zimechapwa "usawa wa maji". Badala yake, andika sentensi moja pale dhana inapotajwa mara ya kwanza: "Kina cha maji ni umbali kutoka mdomo wa bomba la kisima hadi kwenye uso wa maji, katika fomu za Kiambatisho cha 2 kimeandikwa usawa wa maji."

Nyakati: wakati mmoja kote, au wakati kwa kazi ya sentensi

Majina yatangulie, nyakati zifuate. Ukianza na nyakati utakigusa kitenzi mara mbili: utageuza "utashuka" kuwa "ulishuka", kisha jina likibadilika ukigeuze tena kuwa "kiliongezeka".

Chaguo rahisi ni kuweka -li- kila mahali. Linavutia kwa sababu mtu yeyote anaweza kulifanya bila kuielewa ripoti, na kwa ripoti fupi ya ukaguzi wa siku moja linatosha. Kwa ripoti yetu linaleta shida. "Kisima kilikuwa na kina cha mita 92" inamfanya msomaji aulize kama kimefukiwa. "Jedwali la 3 lilionyesha" ni ajabu, maana jedwali liko mbele yake na bado linaonyesha.

Chaguo la pili ni kuuliza kila sentensi inafanya kazi gani. Kilichofanyika uwandani kikaisha kinachukua -li-. Kisichobadilika, kama mahali kisima kilipo, urefu wake na mwamba uliokutwa, kinabaki katika wakati uliopo, pamoja na yale yanayosemwa na majedwali na hesabu. Mapendekezo yanachukua hali ya kuagiza: "pampu ifungwe mita 55", "maji yapimwe upya". Hili ndilo tunalolipendekeza, ingawa linadai uelewa wa kazi yenyewe, kwa sababu kila kiambishi cha wakati ni dai kuhusu ukweli.

Tazama -me- na -li-. "Pampu imefungwa mita 60" inaeleweka kuwa pampu iko humo hadi leo. Kama ilikuwa pampu ya jaribio iliyotolewa kesho yake, ripoti imedanganya kwa herufi mbili. (Na "kufunga pampu" lenyewe lina utata: kwa mmoja ni kuiweka, kwa mwingine ni kuizima. Amua kwamba kufunga ni kuweka na kuzima ni kuzima, kisha usiyumbe.) -Me- iachiwe sehemu inayoeleza hali ya kisima siku ya kukabidhi, na tarehe iandikwe hapo.

-Ta- ndiyo inayodai kazi zaidi. "Sampuli za maji zitapelekwa maabara" imetoka kwenye andiko la mradi. Kishawishi ni kuigeuza "zilipelekwa" na kuendelea. Subiri. Tafuta cheti cha maabara kwenye viambatisho. Kikiwapo, andika "zilipelekwa" na tarehe ya cheti. Kisipokuwapo, ukweli ni "hazijapelekwa", na sentensi inahamia kwenye kazi zilizobaki. Kuzikusanya -ta- zote, kwenye LibreOffice bonyeza Ctrl+H, fungua `Other options`, weka alama kwenye `Regular expressions`, kisha andika:

```
\b(ha)?(ni|si|tu|m|a|ha|wa|u|i|li|ya|ki|vi|zi|ku|pa)ta[a-z]+
```

Bonyeza `Find All`. Itakuletea itafungwa, zitapelekwa na haitapimwa, na pamoja nazo utafiti, utaratibu, kitabu, wataalamu na kutathmini. Kwa hiyo ni chombo cha kutafutia tu, kamwe si cha kubadilishia. Hata bila maneno hayo ya kuingilia, kubadilisha kusingewezekana: itapimwa inakuwa ilipimwa, lakini haitapimwa inakuwa haikupimwa, na itakayopimwa inakuwa iliyopimwa.

Hu- ichunguzwe peke yake. "Maji hushuka kwa mita 2 wakati wa kiangazi" ni dai la mazoea. Jaribio la saa 24 haliwezi kulibeba. Linahitaji vipimo vya misimu kadhaa, na visipokuwepo, sentensi iseme kilichopimwa, lini, na basi.

Kuandika upya

Kuna kurasa ambazo kuzirekebisha kunachosha kuliko kuziandika. Kipimo chetu ni hiki: katika aya, zaidi ya nusu ya sentensi zikihitaji jina na wakati vibadilishwe, fungua ukurasa mtupu. Hii hapa aya ya ukurasa wa 12 kama ilivyokuwa:

> Pampu itafungwa mita 60 na kuendeshwa kwa saa 24. Usawa wa maji kabla ya pampu ulikuwa mita 18.4. Baada ya saa 24 kiwango cha maji kimeshuka hadi mita 31.7 na hushuka kwa mita 13.3. Kiwango cha maji ni lita 5,200 kwa saa. Pampu inazimwa, ikarudi mita 19.0 baada ya saa 6.

Angalia sentensi ya mwisho. Kisarufi, kilichorudi mita 19.0 ni pampu. -Ka- imetoka kwenye daftari la fundi, ambako ilifuata sentensi nyingine juu ya maji, "yakarudi". Mtu akaikata, akaipachika, akailinganisha na jina lililokuwa karibu. Ndiyo kasoro ya -ka- katika ripoti: inaegemea sentensi iliyotangulia, na ripoti hukatwa na kupangwa upya mara nyingi. Ndani ya sentensi moja haina neno. Hii hapa aya ileile baada ya kuandikwa upya:

> Kwa ajili ya jaribio, pampu ilifungwa mita 60 chini ya mdomo wa bomba, ikaendeshwa kwa saa 24 ikitoa lita 5,200 kwa saa. Kabla ya kuwashwa, kina cha maji tuli kilikuwa mita 18.4. Mwisho wa saa 24, kina cha maji wakati wa kusukuma kilikuwa mita 31.7. Mshuko wa maji ni mita 13.3. Saa 6 baada ya pampu kuzimwa, kina cha maji kilikuwa kimepungua hadi mita 19.0. Pampu ya jaribio ilitolewa siku iliyofuata.

Sentensi ya mwisho imeongezwa kutoka kwenye fomu, ili mkanganyiko wa "imefungwa" wa ukurasa wa 17 uishe. "Mshuko wa maji ni" iko katika wakati uliopo kwa sababu ni hesabu, na yeyote anaweza kuirudia leo.

Hatari ya kuandika upya ni tarakimu. Mtu anayetunga sentensi mpya hubadilisha 31.7 kuwa 37.1 bila kujua. Kwa hiyo tarakimu zisiandikwe kutoka kichwani wala kutoka aya ya zamani. Zitoke kwenye fomu, na mtu wa pili azisome kwa sauti huku wa kwanza akiangalia fomu. Aya hiyo ina tarakimu tisa. Zoezi linachukua dakika moja.

Kwa ripoti hii

Tungeandika upya kurasa tatu za jaribio la pampu, ambako majina yote matatu na nyakati zote zimekutana. Sehemu iliyobaki tungeipitia neno moja moja, usawa kwanza kisha kiwango, halafu -ta-, hu- na -me- kwa mpangilio huo. Kubadilisha kwa mpigo tungekuachia vifupisho vya vipimo. Ni siku moja na nusu ya kazi kwa mtu mmoja, ukiongeza saa moja ya mhandisi ya kujibu sentensi za njano.

Kama muda ni saa mbili tu kabla ya kukabidhi, acha nyakati za utangulizi zilivyo. Rekebisha "kiwango cha maji" kote pamoja na aya za jaribio, uweke sentensi ya maelezo ya dhana, kisha uhakikishe kila -ta- ya Mbinu yenye cheti au fomu nyuma yake imegeuzwa -li-, na isiyo nayo imehamia kwenye kazi zilizobaki. Orodha ya yaliyomo isisahauliwe: ukibadilisha kichwa cha sehemu, bofya ndani ya orodha na ubonyeze F9 kwenye Word, la sivyo ukurasa wa 2 utaendelea kutangaza "Usawa wa maji" ambao haumo tena ndani.